Chitete ipi, saa nane ipi: kadi ya harusi ya katuni inavyojengwa

Mkoa wa Songwe una kata mbili zinazoitwa Chitete. Moja iko Wilaya ya Ileje, nyingine iko Wilaya ya Momba, na hii ya Momba ndiyo yenye makao makuu ya wilaya. Mtu wa Tunduma akisikia "harusi Chitete" hahitaji ufafanuzi, atajua ni Momba. Lakini mwalikwa anayetoka Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam ataandika jina hilo kwenye simu yake, atapewa Chitete iliyo juu kwenye orodha, na hatagundua kosa mpaka awe ameshapanda gari la Ileje. Neno moja, "Momba", lingemwokoa.

Neno hilo ndilo la kwanza kudondoka kadi ya harusi inapogeuzwa kuwa video. Kwenye kadi ya karatasi lilikuwa na mahali pake, kwenye mstari wa anwani, na mwalikwa aliweza kulisoma mara kumi huku kadi imesimama juu ya kabati. Kwenye video linashindania sekunde mbili na maua yanayodondoka, pete zinazozunguka na wimbo unaopanda. Fundi hulitoa ili "skrini ipumue". Nimeziangalia kadi nyingi za aina hii, za mkoa huu na za kwingineko, na naona ugonjwa wake ni mmoja. Zinatengenezwa kuanzia kwenye pambo, kisha taarifa inatafutiwa nafasi iliyobaki. Hapa nitaenda kinyume: taarifa kwanza, sekunde zake, muziki unaozibeba sekunde hizo, na mwisho mhusika wa katuni anayeialika familia ya watu kwa uso mkunjufu.

Tuchukue harusi ya mfano. Ibada iko Chitete ya Momba, Jumamosi, 5 Septemba 2026, na sherehe inafuata jioni hukohuko. Septemba ni wakati mzuri kwa upande huu: mahindi yameshavunwa, mvua bado, barabara za vumbi zinapitika. Waalikwa wamegawanyika makundi matatu. Wapo wa Chitete na Tunduma, wapo wa miji ya mbali, na wapo ndugu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka na harusi yao haijawahi kuuheshimu sana.

Kundi hilo la tatu linaleta tatizo ambalo fundi wa Dar hawezi kuliwazia. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Halafu kuna namna ya kuhesabu. Sisi tukisema saa nane mchana tunahesabu kuanzia alfajiri, lakini ndugu wa Nakonde aliyesoma shule za Zambia akiona "8:00" anaona saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Kwa hiyo tarakimu moja kwenye kadi inaweza kusomwa kwa njia tatu, na hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyo ya kizembe. Dawa yake ni kuandika mistari miwili: "Saa 8:00 mchana, Tanzania" na chini yake "13:00, Zambia". Mchana wa saa nane kwetu ni 14:00, ukitoa saa moja unapata 13:00. Mstari huo wa pili haumsumbui mtu wa Tunduma, na anayeuhitaji atauona.

Namba za simu nazo zina mpaka wao. Ukiandika 07 na tarakimu nyingine nane, mtu wa Nakonde anayepiga kwa laini ya Zambia hakupati. Andika +255 kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo, na weka namba mbili za mitandao tofauti, maana siku ya harusi mtandao mmoja ukilemewa, mwingine huwa hai.

Sasa tuhesabu sekunde. Mtu anasoma maandishi ya kwenye skrini kwa kasi ya herufi 12 hadi 15 kwa sekunde akiwa ametulia. Anayesoma kadi ya harusi hajatulia: anaangalia pia picha, anasikiliza wimbo, anamwita aliye jikoni aje aone. Kanuni yangu ni kugawanya idadi ya herufi kwa 12, kisha kuzidisha mara mbili. "Jumamosi, 5 Septemba 2026" ina herufi 25 ukihesabu nafasi na alama. Gawanya kwa 12 unapata sekunde mbili na chembe, zidisha mara mbili unapata zaidi kidogo ya nne. Basi tarehe inahitaji sekunde nne hadi tano ikiwa imesimama tuli, na neno tuli lina uzito wake. Sekunde ambayo herufi bado zinaruka kuingia haihesabiwi, kwa sababu jicho haliwezi kusoma kitu kinachokimbia. Video nyingi huipa tarehe sekunde tatu, moja na nusu ya kuingia na moja ya kutoka.

Na hapohapo kuna ukaguzi ambao hauna gharama: hakikisha siku na tarehe vinaoana. Kadi ikisema "Jumapili, 5 Septemba 2026" watu watagawanyika, nusu wakiamini siku na nusu wakiamini tarehe. Kosa hili huzaliwa pale fundi anapotumia kadi ya mteja aliyetangulia, akabadilisha namba na kuacha siku.

Urefu wa video yote unaamuliwa na mahali itakapoonekana. Watu wa kamati wataituma WhatsApp, na ndugu wataiweka kwenye Status. Kwa miaka mingi Status ilikata video kwenye sekunde 30. Mwaka 2024 kikomo kikasogezwa hadi dakika moja, na baadaye kikapanda tena. Ila simu ambayo haijasasishwa bado inakata pale pa zamani, na simu za namna hiyo ni nyingi kuliko mafundi wanavyodhani. Hivyo basi majina, siku, mahali na saa viwe vimekwisha kusemwa ndani ya sekunde 30 za kwanza. Kinachobaki baada ya hapo kiwe ukurasa mmoja uliotulia wenye kila kitu kwa pamoja, ambao mtu anaweza kuusimamisha kwa kidole akanakili.

Jumla nimeiweka sekunde 40, na sababu yake inatoka kwenye muziki. Wimbo wenye mapigo 96 kwa dakika ni mwendo wa kutembea kwa furaha, kasi ambayo msafara wa maharusi unaweza kuingia nayo ukumbini bila kukimbia. Kwa mwendo huo pigo moja lina sekunde 0.625, na mapigo manne, yaani mzunguko mmoja, yana sekunde mbili na nusu. Mizunguko 16 inatoa sekunde 40 kamili. Na ukichora katuni yako kwa fremu 24 kwa sekunde, pigo moja linaangukia kwenye fremu 15 bila baki. Hilo si jambo dogo. Kwa fremu 25 au 30 pigo lingeangukia katikati ya fremu, na kila kichwa kinachotikisika kingekuwa kimechelewa au kimewahi kidogo. Mtazamaji asingejua kilichomkera, angesema tu kwamba katuni "haichezi vizuri".

Mizunguko hiyo naigawa hivi. Miwili ya kwanza ni ya mwenyeji kuingia na jina la mwalikwa kuandikwa. Mitatu inayofuata ni ya wazazi na majina ya maharusi, maana hapo maandishi ni mengi. Miwili ni ya siku na tarehe, miwili ya ibada na saa zake, miwili ya sherehe na mahali, mmoja wa "karibuni". Hapo tumefika sekunde 30 kamili. Mizunguko minne iliyobaki, sekunde 10, ni ule ukurasa wa mwisho uliotulia. Fundi akishaandika mpango huo kwenye karatasi, ubishi mwingi unakwisha. Mjomba akitaka kuongeza aya ya Biblia anaulizwa tu: itachukua mzunguko wa nani?

Kuhusu wimbo wenyewe. Wengi hukimbilia nyimbo za wasanii wakubwa wa Bongo Fleva au za injili zinazotamba. Ukiituma kadi yenye wimbo huo kwa watu mmoja mmoja huenda hutasikia lolote, lakini ukiipandisha YouTube, Facebook au Instagram mfumo unaweza kuutambua wimbo na kuunyamazisha, na kadi ikabaki bubu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo iko wazi kwamba kazi ya mtu inahitaji ruhusa yake. Chitete ina makwaya, na kwaya ya usharika ambao bibi harusi ni mwanachama itakubali kurekodiwa kwa kuombwa tu, na wageni watazitambua sauti. Rekodi mchana wakati bodaboda zimepungua, simu ikiwa hatua tatu kutoka kwa waimbaji, katika chumba chenye mapazia au magodoro ili mwangwi usirudi. Mwambie mpiga kinanda au ngoma aanze na kipima mwendo cha 96 sikioni, la sivyo kwaya itaongeza kasi kila ubeti na hesabu yetu yote itavunjika.

Pale mwenyeji wa katuni anapozungumza, muziki ushuke sana, na ikiwezekana iwe sehemu ya ala tupu isiyo na maneno. Sauti mbili zenye maneno zikipandana, sikio la mzee linapoteza zote mbili. Na usitegemee sauti peke yake kubeba taarifa. Wengi wanafungua video wakiwa kazini au ndani ya basi, sauti imezimwa. Kinyume chake, yupo bibi ambaye hasomi, na yeye anahitaji kusikia siku na saa zikitamkwa. Kila jambo la msingi lisemwe na liandikwe.

Tumefika kwa mhusika. Swali la kwanza ni nani huyo anayealika, na hapa mafundi wa mjini hukosea adabu bila kujua. Kiolezo kilichozoeleka kinaonyesha maharusi wenyewe wa katuni, wakipunga mikono na kusema "njoo tusherehekee". Katika desturi zetu za nyanda hizi, na kwa kweli karibu Tanzania nzima, wanaoalika ni wazazi au wakubwa wa familia. Kadi ya karatasi ilijua hilo, ndiyo maana ilianza na "Familia ya Bwana na Bibi fulani". Binti kumwita baba yake mkubwa kwa kumpungia mkono kwenye simu ni kitu kitakachosemwa pembeni kwa muda mrefu. Mimi ningemchagua shangazi: ana mamlaka ya kualika, ana haki ya kutania, na anaweza kucheka kwenye kadi bila kuonekana amekosa heshima. Avae kitenge na kilemba, aingie akitembea kwa mwendo wa wimbo, apinde magoti kidogo na kuunganisha viganja kabla ya kusema lolote.

Liko pingamizi kwamba katuni ni za watoto. Lina msingi wake: katuni za Kiswahili ambazo wengi tumezizoea, kama Ubongo Kids iliyoanza kurushwa mwaka 2014, zimetengenezwa kwa ajili ya watoto. Mzee akiona kichwa kikubwa, macho ya duara na sauti nyembamba atadhani mjukuu amemtumia kipindi. Tiba iko kwenye vipimo vya mwili. Mtoto wa katuni ana urefu wa vichwa vitatu au vinne hivi. Mchore shangazi mwenye urefu wa vichwa sita, bega lenye uzito, mikono inayokwenda taratibu. Na sauti iwe ya shangazi wa kweli wa familia, si ya kijana anayeigiza. Akitaka kutupia sentensi moja ya Kinyamwanga, aitunge yeye mwenyewe anavyosema siku zote, na fundi asiguse.

Uchangamfu wa mhusika haumo kwenye tabasamu pana. Tabasamu lililobandikwa kwa sekunde 40 linatisha. Umo kwenye macho na kwenye kusubiri. Shangazi apepese macho kila baada ya sekunde tatu au nne, bila kufuata mapigo ya wimbo, kwa sababu kupepesa kunakofuata mapigo kunamfanya awe mashine. Kabla jina la bibi harusi halijaandikwa, macho yake yaelekee pale litakapotokea, fremu tano au sita mapema, kichwa kifuate, kisha jina liingie. Mtazamaji atafuata macho yale bila kujua na atakuwa tayari kusoma. Halafu shangazi anyamaze pigo zima kabla ya kulitamka. Ule ukimya kabla ya jina ndio unaolipa jina uzito, na ndivyo shangazi yeyote anavyofanya akiwa amesimama mbele ya watu.

Mdomo unawaogopesha wanaoanza, lakini Kiswahili kimewarahisishia kazi. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu ni tano tu. Chora midomo saba: mmoja kwa kila irabu, mmoja uliofumbwa kwa m, b na p, na mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Chukua "karibuni". Mdomo unafunguka kwa *ka*, unapanuka kwa *ri*, unafumba kwa b, unakuwa duara kwa *u*, unapanuka tena kwa *ni*. Michoro mitano inatosha neno lote, na kila mmoja unakaa fremu tatu au nne. Uanze fremu moja au mbili kabla ya sauti, kwa kuwa mdomo wa mtu halisi nao hujiandaa kabla sauti haijatoka. Ukifumba mdomo pasipo na m, b wala p, jicho linakamata kosa papo hapo, hata la mtu asiyejua lolote kuhusu katuni. Hivyo kama muda ni mdogo, hakikisha ile mifumbo iko mahali pake na mengine yasamehe. Kazi yenyewe inafanyika kwenye simu kwa CapCut au Alight Motion ikiwa michoro imeandaliwa vipandevipande, kichwa, macho, mdomo, mikono.

Shangazi ana faida nyingine ambayo haionekani kwa macho. Programu inayobana video inaokoa nafasi kwa kuacha kuandika upya sehemu ambayo haijabadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Mandhari ya rangi moja, kitenge chenye rangi bapa na maandishi yaliyotulia ni rahisi kubana. Vumbi la dhahabu, maua ya waridi yanayodondoka na vimulimuli vinabadilisha skrini nzima kila fremu, na programu inamaliza nafasi yake ikihangaika na vimulimuli huku herufi zikikosa cha kutosha. WhatsApp ikiibana mara ya pili wakati wa kutuma, na ndugu akiipakua na kuipandisha upya kwenye Status yake, herufi zinazidi kuvunjika. Ndiyo maana kadi iliyokuwa inang'aa kwenye kompyuta ya fundi inafika Chitete ikiwa na tarehe yenye ukungu. Ukiona vijisanduku vidogo vinavyotetemeka kuzunguka maandishi, ujue vimulimuli vimekula nafasi. Jaribio la kweli ni kujitumia video mwenyewe, mwenzako akaipakua na kuirudisha, kisha uisome kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyopo nyumbani, nje, juani.

Kwa ukubwa, upana wa nukta 720 na urefu wa 1280 unatosha, video ikiwa imesimama wima. Ukiitoa kwa kasi ya megabiti 1.6 kwa sekunde pamoja na sauti, sekunde 40 zinakuwa megabiti 64, ambazo ni MB 8. Anayenunua bando la siku hatalalamika sana. Herufi ndogo kabisa isipungue nukta 40 kwa urefu. Kwenye simu ya kawaida hiyo ni milimita tatu na nusu hivi, na chini ya hapo mtu wa miaka 60 anatafuta miwani. Acha wazi pia sehemu ya juu na ya chini ya skrini, kwa kuwa Status inaweka jina la aliyeposti juu na sehemu ya kujibu chini. Saa ya ibada ikikaa pale chini, haitaonekana.

Majina yanahitaji uangalifu wa peke yake upande huu. Katika koo za Kinyamwanga jina la mwanaume mara nyingi huanza na Si na la mwanamke huanza na Na: baba ni Simwinga, binti yake ni Namwinga. Fundi asiyejua mila hii akiona baba ameandikwa hivi na binti vile anadhani amekuta kosa la kuchapa, na kwa nia njema anasahihisha. Ng'ambo jina lilelile linaweza kuwa na irabu ya ziada, Simkonda wa hapa akawa Simukonda wa kule. Njia salama ni kumwomba mzazi aandike majina kwa mkono wake, karatasi ikapigwa picha, na fundi akanakili herufi kwa herufi bila kusahihisha. Kisha picha tuli ya ukurasa wa majina irudi kwa familia zote mbili, si moja, kabla ya katuni kuanza kuchezeshwa. Kubadilisha jina baada ya mdomo wa shangazi kulitamka ni kurekodi upya.

Lipo jina jingine, la mwalikwa, na kwangu hili ndilo linalotenganisha mwaliko na tangazo. Kadi ya karatasi ilikuwa na mstari wa nukta ambapo mtu aliandika kwa kalamu "Bw. na Bi. fulani", na pembeni singo au dabo. Video moja inayotumwa kwa kila mtu haina mstari huo. Nimesikia watu wakisema, "Nimeona kadi yao kwenye kundi, lakini mimi sijaalikwa," na wana haki. Kamati nayo inajua kwamba kadi hutoka baada ya mchango, sasa video inayozunguka kwenye Status itamwalika hata ambaye hakuchangia, na hesabu ya sahani itapotea.

Suluhisho rahisi ni kuweka jina la mwalikwa na singo au dabo kwenye ujumbe ulio chini ya video, ukaandikwa kwa kila mmoja. Suluhisho zuri zaidi ni jina kuwemo ndani ya video yenyewe. Kwa fundi mwenye kompyuta si lazima kutengeneza video nzima mara 200. Tengeneza mara moja sekunde 35 za mwili, kisha vipande vya sekunde tano za mwanzo, kila kimoja na jina lake, vyote kwa vipimo vilevile. Faili la orodha.txt linataja vipande viwili:

```
file 'jina_017.mp4'
file 'mwili.mp4'
```

Kisha vinaunganishwa na sauti moja iliyokwisha changanywa, bila kubana upya:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -i sauti.m4a -map 0:v -map 1:a -c copy -shortest kadi_017.mp4
```

Sauti inaingizwa mwishoni kwa makusudi. Ukiiacha ndani ya vipande, pale vinapokutana husikika mlio mdogo wa "tk", na mlio huo utakuwa katikati ya wimbo wa kwaya. Shangazi hatamki jina la mwalikwa, analitazama tu likiandikwa, kwa hiyo sauti moja inawafaa wote.

Mlangoni, video haifai. Mtu hawezi kusimama getini akingoja sekunde 30 zipite ndipo ukurasa wa mwisho ufike. Tuma pia picha tuli ya ukurasa huo, yenye jina na singo au dabo, na ndiyo itakayoonyeshwa. Kwa wenye kitochi, ambao bado ni wengi Chitete, hiyo picha nayo haifiki. Wao wanapelekewa ujumbe mfupi wa maandishi wenye yale yale, na wazee wa heshima wanafuatwa nyumbani kwa miguu.

Wakati wa kutuma, jihadhari na orodha ya usambazaji ya WhatsApp. Inapokea watu 256, lakini ujumbe unawafikia tu wale walioihifadhi namba yako kwenye simu zao. Katibu wa kamati akituma kwa laini mpya aliyoisajili kwa ajili ya harusi, karibu waalikwa wote hawapati kitu na yeye haambiwi kwamba imeshindikana. Namba itakayotuma iwe ya mtu ambaye ukoo unayo: mara nyingi mama, au mwalimu wa familia.

Na tarehe ikibadilika? Msiba hutokea, ukumbi hupata wenyewe wengine. Video iliyokwisha tumwa unaweza kuifuta kwa wote ndani ya siku mbili na saa 12, baada ya hapo inabaki kwenye simu za watu, na itaendelea kusambazwa na wasiojua. Usitume kadi mpya inayofanana na ya kwanza. Mrudishe shangazi yuleyule, mbadilishie rangi ya mandhari kutoka kijani hadi njano kwa mfano, na neno lake la kwanza kabisa, ndani ya sekunde tatu, liwe "Tarehe mpya". Ya zamani isitajwe kwenye maandishi, maana ikionekana kuna atakayeishika hiyo. Kwa ajili hiyo fundi asifute michoro wala rekodi ya sauti mpaka Jumatatu baada ya harusi, na malipo yake ya mwisho yangojee hadi siku hiyo.